MLE na MAP kwa mkono: ile lambda ya Ridge inatoka wapi hasa

Watu wengi wakifika kwenye Ridge, yani regresheni inayoadhibu koefishenti kubwa, wanaambiwa kuna namba inaitwa lambda, jaribu 0.01, jaribu 1, jaribu 100, chukua inayofanya vizuri kwenye data ya kupimia. Sawa, inafanya kazi, lakini ile namba sio ya kubahatisha tu, ina maana yake, na ukishajua inatokea wapi unaweza hata kuikadiria kabla hujagusa kompyuta. Tutaitoa kwa mkono kwa data tatu tu, kupitia njia mbili za kukadiria, MLE yani maximum likelihood estimation na MAP yani maximum a posteriori, kalamu na karatasi zinatosha, alafu mwishoni tutaiangalia ndani ya scikit-learn, maktaba ya Python, maana huko ndo watu wanapopotea.

Hatua ya 1: andika data zinatokeaje, alafu tafuta MLE

Tuna x = 1, 2, 3 na y = 3, 3, 7. Modeli ni mstari unaopita kwenye sifuri, y = w·x + kelele, na kelele inafuata mgawanyo wa Gauss wenye kitovu sifuri na sigma = 2. Hiyo sigma tuseme tunaijua kutokana na kifaa cha kupimia, tunajua huwa kinakosea kama 2 hivi juu au chini.

MLE inauliza swali moja: kati ya w zote zinazowezekana, ipi inafanya hizi data nilizozipata zionekane za kutarajiwa kuliko zote? Hicho kipimo cha kutarajiwa ndo laiklihudi, na angalia vizuri, ni kuhusu data ukishikilia w, haisemi w yenyewe ina uwezekano gani. Mwanatakwimu Fisher alisisitiza sana tofauti hiyo na karatasi yake ya 1922 ndo iliyoiweka njia hii kwenye msingi wake. Sasa kwa kuwa kelele ni ya Gauss, ukichukua logi ya laiklihudi na kugeuza alama ili badala ya kutafuta kikubwa utafute kidogo, unabaki na hiki (vile visivyo na w nimevitupa, havibadilishi jibu):

```
sum (y - w x)^2 / (2 sigma^2)
```

Yani ile least squares ya kila siku ndo hiyo hiyo MLE, ila tu umekubali kimya kimya kwamba kelele ni ya Gauss. Jibu lake ni jumla ya x·y gawanya kwa jumla ya x·x. Jumla ya x·y ni 3 + 6 + 21 = 30, jumla ya x·x ni 1 + 4 + 9 = 14, kwa hiyo w = 30/14, kama 2.143. Umeona sigma imekatika yenyewe? Kwenye MLE haina shida ikiwa 2 au 200, jibu la w halisogei. Kumbuka hilo, maana kwenye MAP sigma itarudi na itakuwa na sauti.

Hatua ya 2: sema ulichokuwa unaamini kuhusu w kabla ya kuona data

Hapa ndo MAP inaachana na MLE. Unaandika imani ya awali juu ya w, na unaiandika kama mgawanyo. Tuseme kabla ya kupima tulikuwa tunaona w iko karibu na sifuri, inaweza kuwa chanya au hasi, na haipaswi kuwa kubwa sana. Gauss yenye kitovu sifuri na upana tau = 1 inasema hivyo: kama 95% ya imani yetu iko kati ya −2 na 2.

Tau isikutishe. Usiiulize kama tau, iulize kupitia y. x yetu kubwa ni 3, kwa hiyo tau = 1 inamaanisha pale kwenye x = 3 tulitarajia y iwe kati ya −6 na 6 hivi, kelele ukiiweka pembeni. Je, inaingia akilini kwa kitu unachokipima? Kama unajua y inaweza kufika 50 basi tau = 1 ni imani kali kupita kiasi na unajidanganya mwenyewe. Swali hilo moja la "imani yangu inatabiri y ya ukubwa gani" linasaidia kuliko kukodolea macho alama za Kigiriki.

Hatua ya 3: zidisha, chukua logi, na lambda itajitokeza

Kanuni ya Bayes inasema imani baada ya kuona data ni sawia na laiklihudi mara imani ya awali. MAP inatafuta kilele cha hiyo imani mpya, basi. Ukichukua logi kuzidisha kunageuka kujumlisha, na ukigeuza alama unapata:

```
sum (y - w x)^2 / (2 sigma^2)  +  w^2 / (2 tau^2)
```

Zidisha yote kwa 2·sigma², kilele hakihami maana umezidisha kwa namba isiyo na w:

```
sum (y - w x)^2  +  (sigma^2 / tau^2) * w^2
```

Hiyo ndo Ridge, neno kwa neno, ile ya Hoerl na Kennard ya 1970, na lambda ni sigma² gawanya kwa tau². Kelele ikiwa kubwa lambda inapanda, kwa sababu data hazina uaminifu mkubwa hivyo imani inapewa nafasi. Imani ikiwa pana, tau kubwa, lambda inashuka kuelekea sifuri na unarudi kwenye MLE. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi siweki imani ya awali, natumia MLE", kwenye tatizo hili kafanya hesabu ileile ya mtu mwenye tau isiyo na mwisho, yani anaona w ya milioni inakubalika sawasawa na w ya 2. Mara nyingine hilo ni sawa kabisa, mara nyingi si kweli.

Hatua ya 4: weka namba na uangalie nani anamvuta nani

Lambda yetu ni 4/1 = 4. Jibu la Ridge kwa koefishenti moja ni lilelile la mwanzo ila chini unaongeza lambda: 30 / (14 + 4) = 1.667. MLE ilikuwa 2.143, imevutwa kuelekea sifuri.

Sasa hapa kuna kipimo kizuri cha kujua kama hesabu au programu yako iko sawa. Jumla ya makosa mraba kwenye data zenyewe kwa MLE ni 2.71, kwa MAP ni 5.89. Imepanda, na LAZIMA ipande (au angalau isishuke), kwa sababu MLE ndo iliyochukua ndogo kuliko zote. Ukiweka regulaizesheni, yani adhabu kama hiyo ya lambda, alafu kosa la data za kujifunzia likashuka basi MLE yako haikuwa imefika mwisho au kuna kitu umekikosea. Ila ukiongeza ile sehemu ya adhabu, 4·w², MAP inapata 17.00 na MLE inapata 21.08, kwa hiyo kwenye mizani kamili MAP ndo imeshinda.

Sasa ongeza data. Tuseme umepata vipimo 30 vyenye mpangilio uleule, yani kila kimoja mara kumi: 300 / (140 + 4) = 2.083. Vipimo 300: 3000 / 1404 = 2.137. Lambda imebaki 4 muda wote, haikuguswa, lakini data zimeongezeka hadi imani haisikiki tena. Ndo maana MAP na MLE zinagombana data zikiwa chache na zinapatana data zikiwa nyingi, ilimradi idadi ya parameta haiongezeki pamoja na data. Kwenye modeli yenye parameta nyingi kuliko data, imani haizimiki, inabaki na kazi mpaka mwisho.

Kitu kimoja watu hawakiambiwi: si lazima kitovu kiwe sifuri. Sifuri imezoeleka kwa sababu programu imewekwa hivyo. Kama kazi za nyuma zilikuonyesha w huwa karibu na 2, iambie hivyo. Toa 2·x kwenye kila y, unapata 1, −1, 1, fanya Ridge ya kawaida kwenye hizo (jumla ya x·y mpya ni 2, kwa hiyo 2/18 = 0.111), alafu rudisha ile 2 na jibu ni 2.111. Programu ileile, imani tofauti, na jibu safari hii halikuvutwa kwenye sifuri ambayo hata hukuiamini.

Hatua ya 5: badilisha umbo la imani upate Lasso

Badala ya Gauss weka mgawanyo wa Laplace, ule wenye ncha kali katikati na mikia minene zaidi. Logi yake inatoa |w|/b badala ya w mraba, b ikiwa kipimo cha upana wake, na ukizidisha yote kwa sigma² unapata:

```
(1/2) * sum (y - w x)^2  +  (sigma^2 / b) * |w|
```

Hiyo ni Lasso ya Tibshirani, 1996. Tuchukue b = 1, adhabu ni 4. Kwa koefishenti moja jibu ni kutoa: (30 − 4) / 14 = 1.857. Ridge inagawanya kwa kitu kikubwa zaidi, Lasso inakata kipande kilekile kila mara, na tofauti hiyo inaonekana vizuri uhusiano ukiwa dhaifu. Tuseme jumla ya x·y ingekuwa 3 tu. MLE 3/14 = 0.214. Ridge 3/18 = 0.167, ndogo lakini ipo. Lasso? Kutoa 4 kutoka 3 ni kuvuka sifuri, haivuki, inasimama kwenye sifuri kamili na ile safu ya x inaondoka kwenye modeli.

Hapa kuna hadithi moja inasambaa sana, eti imani ya Laplace "inaamini kwamba koefishenti nyingi ni sifuri". Hapana. Mgawanyo wa Laplace ni endelevu, uwezekano wa w kuwa sifuri kamili ni sifuri, kabla ya data na hata baada ya data. Ile sifuri inatoka kwenye ncha ya kilele, na wewe umechagua kuchukua kilele. Ukichora sampuli kutoka imani ya baadaye hakuna hata moja itakayokuwa sifuri kamili. Ukitaka imani inayosema kweli kwamba safu fulani hazina kazi, unahitaji mgawanyo unaoweka donge la uwezekano pale kwenye sifuri penyewe, na hiyo ni hesabu nyingine nzito zaidi.

Hatua ya 6: hakikisha kwenye programu, na hapa uwe macho

```python
import numpy as np
from sklearn.linear_model import LinearRegression, Ridge, Lasso

X = np.array([[1.], [2.], [3.]])
y = np.array([3., 3., 7.])

print(LinearRegression(fit_intercept=False).fit(X, y).coef_)   # 2.143
print(Ridge(alpha=4, fit_intercept=False).fit(X, y).coef_)     # 1.667
print(Lasso(alpha=4/3, fit_intercept=False).fit(X, y).coef_)   # 1.857
```

Ridge nimeipa 4 ila Lasso nimeipa 4/3, kwa nini? Kwa sababu `Ridge` inatumia jumla ya makosa mraba, lakini `Lasso` inagawanya makosa kwa 2n kwanza, n ikiwa idadi ya data. Kwa hiyo adhabu yetu ya 4 lazima igawanywe kwa 3. Jina ni `alpha` kote kote, vipimo ni tofauti, na hakuna onyo lolote litakalotokea ukichanganya.

Hili linaonekana dogo lakini lina mkia mrefu. Chukua vile vipimo 30 na uache `alpha=4/3` kama ilivyo kwenye Lasso. Adhabu halisi sasa ni 30 × 4/3 = 40, yani bila kujua umebana b kutoka 1 hadi 0.1. Jibu: (300 − 40) / 140 = 1.857, lilelile la data tatu! Umeongeza data mara kumi na imani yako haijatikisika hata kidogo, kwa sababu umekuwa ukiikaza kadiri data zinavyoongezeka. Imani iliyoachwa palepale ingetoa (300 − 4) / 140 = 2.114. Hali ni hiyohiyo popote unapotumia wastani wa hasara, yani kile kipimo cha makosa, badala ya jumla, na kwenye mitandao ya neva wastani ndo kawaida. Sisemi ni marufuku, ukiichagua kwa data ya kupimia hakuna atakayekushtaki, ila usiiite imani ya awali wakati inategemea umekusanya data ngapi. Dalili ni rahisi: ongeza data, acha alpha, koefishenti zikikataa kabisa kusogea kuelekea MLE basi una wastani.

Mtego wa pili ni vipimo vya x. Badilisha x kutoka mita kwenda sentimita, iwe 100, 200, 300, na lambda iache 4. Jumla ya x·x inakuwa 140,000 na ya x·y 3,000, w = 3000/140004, ambayo ukiirudisha kwenye mita ni kama 2.143 tena. Regulaizesheni imeyeyuka! MLE haijali mita au sentimita, MAP inajali, kwa sababu tau = 1 kwenye mita na tau = 1 kwenye sentimita ni imani mbili tofauti kabisa. Ndo sababu ya kusawazisha safu kabla ya Ridge au Lasso, sio desturi tu ya kufanya data zipendeze. Kila safu ikiwa kwenye kipimo kimoja, tau moja inamaanisha kitu kimoja kwa zote. Ile namba ya kuanzia mstari, `intercept`, Ridge na Lasso za hapo haziipi adhabu, yani imeachiwa imani iliyolala, na ni sawa, maana huna sababu ya kuamini y inaanzia sifuri.

Hatua ya 7: kwenye logistiki, jua kwamba huenda hujawahi kufanya MLE

`LogisticRegression` ya scikit-learn, modeli ya majibu kama 0 na 1, ukiiita tupu tu inakuja na `C=1.0` na adhabu ya mraba. Hesabu yake ni C mara jumla ya hasara, kujumlisha nusu ya w mraba. Linganisha na fomula ya hatua ya 3 na utaona C ni tau² moja kwa moja. Kwa hiyo wale wote wanaosema wamekadiria kwa MLE kwa kutumia hiyo wamefanya MAP yenye Gauss ya upana 1, wakataja koefishenti kwenye ripoti bila kuitaja imani. Ukitaka MLE weka C kubwa sana, kama `1e10`.

Lakini kabla hujafanya hivyo angalia hili. Chukua x = −2, −1, 1, 2 na majibu 0, 0, 1, 1. Data zimetengana kabisa. w ya 5 inaeleza vizuri, ya 10 inaeleza vizuri zaidi, ya 100 zaidi, laiklihudi inapanda tu bila kufika kilele, maana yake MLE haipo. Programu itakupa namba, ndiyo, lakini hiyo namba ni mahali ilipochokea kutafuta. Utaijua kwa kuongeza `max_iter` na kupunguza `tol`: koefishenti ikizidi kukua kila mara, una mtengano. Imani yoyote ya Gauss yenye tau ya kawaida inamaliza shida hiyo, kilele kinakuwepo na ni kimoja.

Hatua ya 8: usiipe MAP sifa isiyo yake

MAP inakupa nukta moja. Kwenye mfano wetu imani yote ya baadaye tunaijua, ni Gauss yenye kitovu 1.667 na varianzi 4/18 = 0.222, upana kama 0.47, na hiyo 0.47 Ridge haikuambii wala hutaiona kwenye `coef_`. Kuitoa mwenyewe ni sekunde moja, sigma² gawanya kwa (14 + 4), chukua kipeuo cha pili.

Alafu kilele kinahama ukibadilisha jinsi ya kuandika parameta. Tuseme unachokitaka kweli sio w bali u = exp(w). MLE haina neno, chukua exp ya jibu umemaliza. MAP ukifanya hivyo unapata exp(1.667) = 5.29, lakini ukiandika imani ya baadaye juu ya u yenyewe na kutafuta kilele chake unapata exp(1.667 − 0.222), yani 4.24. Data zilezile, imani ileile, vilele viwili, kwa sababu kugeuza parameta kunanyoosha na kubana mgawanyo na kilele kinasukumwa. Imani ya baadaye ikiwa nyembamba tofauti hiyo inakuwa ndogo, lakini kwa data tatu umeiona ilivyo. Kwa hiyo ukiripoti MAP taja ulikuwa unatafuta kilele juu ya nini, w au exp(w), na sigma na tau ulizotumia, au lambda pamoja na kama hasara ilikuwa jumla au wastani, maana bila hivyo anayesoma hawezi kujua ulikuwa unaamini nini.